Neno Moja Katika Kadi ya Zamani

Mwezi huu tumesoma hadithi fupi ya kijana mmoja wa Goma, nasi twapenda kusema na wasomaji wetu juu yake. Haijapigwa chapa bado. Ilitufikia katika daftari la shule, imeandikwa kwa kalamu, kurasa kumi na tisa, na mwandishi ametuomba tusitaje jina lake mpaka atakapokwisha kuisahihisha. Tumekubali. Lakini tumemwambia kwamba tutaipima waziwazi, mema yake na makosa yake, maana hadithi hii inagusa jambo ambalo Wakristo wengi huliogopa, tena inaligusa kwa njia ya neno moja tu.

Habari yenyewe ni hii. Msichana aitwaye Neema anakwenda soko la Virunga kutafuta kitabu cha hesabu. Muuzaji wa vitabu vikuukuu ametandika turubai chini, na juu yake pana lundo la karatasi za kila namna. Katikati ya kamusi iliyochanika Neema anaona kadi ya posta. Upande mmoja una picha ya ziwa Kivu na milima. Upande wa pili una maandishi machache katika lugha asiyoijua, na jina la mpokeaji ni jina la ofisi ambayo kwao nyumbani hutajwa mara kwa mara, kwa kuwa babu wa mama yake alikuwa karani pale. Anainunua kadi kwa faranga mia tano na kuipeleka nyumbani kwa koko wake.

Koko ni mwanamke mwenye miaka sabini na mitano. Akiona jina la ofisi, ananyamaza. Kisha anasimulia kwamba mwaka 1960, yeye akiwa na miaka tisa, familia yao ilikaa Kisenyi, ng'ambo ya mpaka. Mama yake alikuwa amezaa mtoto wa pili na Mbelgiji aliyefanya kazi katika ofisi ile ya Goma. Mtoto huyo wa kike, mwenye ngozi nyeupe kidogo, alichukuliwa akiwa na miaka minne na kupelekwa mbali “kusomeshwa”. Baada ya miezi michache karani, ambaye ndiye baba wa mama yao, alirudi jioni kutoka kazini akasema: “Mtoto ametuacha.” Wakalia matanga. Mama akanyoa nywele. Tangu siku hiyo jina la mtoto halikutajwa tena nyumbani.

Basi, kadi inasema nini? Neema anampelekea padri mzee, Mkongo aliyesoma miaka sita Leuven, ambaye anakijua Kiflamandi, ndicho Kiholanzi cha Wabelgiji. Padri anaifasiri kwa Kifaransa katika kipande cha karatasi, na Neema anageuza Kifaransa kuwa Kiswahili kwa ajili ya koko. Ni sentensi nne tu: Mdogo ametuacha jana. Dada yake anasafiri naye. Yote yamekwenda vizuri. Salamu.

Koko anasikiliza, kisha anasema maneno ambayo sisi twayahesabu kuwa moyo wa hadithi nzima: “Dada yake njo miye. Siye mwenye alienda.”

Hapa twaomba msomaji asimame pamoja nasi kidogo, maana mwandishi mwenyewe amepita upesi, na wengine wanaweza kupita wasione jinsi jambo hili lilivyofumwa.

Katika kadi mna neno la Kiflamandi, zuster. Neno hili lina maana tatu: dada wa kuzaliwa, mtawa wa kike, na tena mwuguzi wa hospitali. Kifaransa nacho kina neno moja kwa dada na kwa mtawa. Kwa hiyo padri alipofasiri kutoka Kiflamandi kwenda Kifaransa, hakuwa na haja ya kuchagua. Neno lenye pande mbili likaingia katika neno jingine lenye pande mbili, kama maji yanavyomiminwa toka chungu hiki mpaka kile, na hakuna aliyeona kwamba yamechanganyika. Lakini Kiswahili hakikubali. Sisi tuna dada, na tuna masista. Huko Goma na Bukavu watu husema masera, nalo ni neno la Kifaransa lile lile la kumwita mtawa “dada yangu”, limekaa vinywani mwa watu mpaka likawa la kwao. Mtu wa Goma hawezi kusema dada akaeleweka kuwa masera, wala kusema masera akaeleweka kuwa dada. Basi anayefasiri kwa Kiswahili ndiye wa kwanza kulazimika kujua ni nani hasa aliyepanda ndege na mtoto yule.

Neema hakujua kwamba amelazimika. Ndivyo wafasiri wengi walivyo, na sisi pia tumo. Aliona neno la Kifaransa alilofundishwa darasani, akaandika dada. Kisha akafanya jambo la pili, dogo zaidi na baya zaidi. Kadi haikusema “dada yake”. Ilisema tu “zuster”, pamoja na kile kineno cha mbele kionyeshacho kwamba mtu huyo anajulikana kwa wote wawili, mwandikaji na mwandikiwa. Padri alikifasiri kwa uaminifu. Lakini kwa Kiswahili dada hapendi kukaa peke yake. Sikio letu hutaka kujua dada wa nani. Ukisema “dada anasafiri naye”, msikiaji atauliza. Kwa hiyo Neema, bila nia mbaya, akatia “yake”. Herufi nne ambazo hazimo katika kadi. Na herufi nne hizo ndizo zilizoamsha koko.

Twasema hili ni jema sana katika hadithi, kwa sababu siri haikufunuliwa na mfasiri hodari, bali na kosa la mfasiri lililomfikia mtu aliyekuwapo. Kama Neema angeandika masera tangu mwanzo, koko angesikia kwamba masera alisafiri, naye labda angedhani ni habari za mazishi: masista huzika, huombea, husindikiza. Asingeshtuka. Alishtuka kwa kuwa aliambiwa ya kwamba yeye mwenyewe alifanya safari asiyoifanya. Kamusi haikuweza kumwambia Neema kwamba amekosea. Koko aliweza, naye hajui Kiflamandi hata neno moja.

Baada ya hapo mambo yafuata moja baada ya jingine. Neema anarudi kwa padri. Padri anaisoma kadi tena, anavua miwani, anasema kwamba Mflamandi wa miaka ile aliyetaka kusema juu ya dada wa mtoto angeandika “dada yake”, au angalau jina lake. Akiandika neno hili bila mwenyewe, katika habari za mtoto aliye katika nyumba ya misioni, ni mtawa. Na mtawa hasafiri na maiti ya mtoto kisha mtu akaandika kwamba yote yamekwenda vizuri. Sentensi ya tatu, ambayo Neema aliichukia aliposoma mara ya kwanza, akidhani ni ukatili wa mzungu, sasa yageuka kuwa ushahidi. Mtoto hakufa. Mtoto aliondoka.

Ndipo tunapofika katika sentensi ya kwanza, na hapa mwandishi ametupa jambo ambalo hatukulitazamia. “Ametuacha.” Kwa Kiswahili ni neno la upole la kusema mtu amekufa, nasi hulitumia kila siku katika matangazo ya vifo kanisani. Kwa Kifaransa ni vivyo hivyo. Kwa Kiflamandi pia ni vivyo hivyo. Lugha tatu zote zina pazia lile lile juu ya mauti, na zote tatu huweza pia kusema neno hilo hilo juu ya mtu aliyefunga mzigo wake akaenda zake. Kwa hiyo hapakuwa na kosa la tafsiri hata kidogo. Neno lilifasiriwa sawasawa kabisa mara mbili, toka Kiflamandi hadi Kifaransa na toka Kifaransa hadi Kiswahili, na mwisho wake mama alimlilia mtoto aliye hai.

Nani aliyakata maneno? Karani hakujua Kiflamandi. Ilimpasa bwana wa ofisi amwambie kwa Kifaransa kilichoandikwa. Yaonekana bwana alisema sentensi ya kwanza tu, kisha akaitia kadi katika sanduku. Je, alikuwa na haraka? Je, aliona haya? Au alijua vema kwamba karani ataelewa vingine, akaona ni afadhali kwa wote iwe hivyo? Hadithi haisemi. Msomaji mmoja tuliyempa daftari alikasirika, akasema mwandishi amekwepa. Sisi hatukubali. Neema na koko hawana njia ya kujua. Bwana yule amekwisha kufa, na karani pia. Mwandishi angelitueleza yaliyokuwa moyoni mwa bwana, angekuwa anatuambia jambo ambalo hakuna mtu katika hadithi aliyeweza kumwambia yeye. Tena anamtendea haki karani. Babu yule amebebeshwa kwa miaka zaidi ya sitini dhambi ya uongo katika nyumba yake mwenyewe, maana binti yake alihisi kwamba kuna kitu kilichofichwa. Kumbe alileta nyumbani kila alichopewa.

Sasa yafaa tuseme juu ya mambo ya kweli yaliyo nyuma ya hadithi, kwa sababu wako watakaosoma na kudhani kwamba mwandishi amelizulia Kanisa uongo. Hakuzua. Katika utawala wa Kibelgiji, Kongo na Ruanda-Urundi, watoto waliozaliwa na baba mzungu na mama Mwafrika waliondolewa kwa mama zao kwa amri ya serikali na kuwekwa katika nyumba za misioni. Save, katika kusini ya Rwanda, misioni ya kwanza ya Mapadri Weupe katika nchi ile, iliyoanzishwa mwaka 1900, ilikuwa na nyumba ya namna hiyo chini ya Masista Weupe. Uhuru ulipokaribia, tangu mwaka 1959, watoto wapatao mia tatu wa Save walipelekwa Ubelgiji kwa ndege, wengine wadogo mno, wakagawiwa kwa familia na kwa nyumba za yatima. Mama wengi hawakuelezwa wala hawakuulizwa kwa namna waliyoweza kuelewa. Ndugu waliozaliwa tumbo moja walitenganishwa. Baadhi ya watoto waliandikiwa jina jingine au tarehe nyingine ya kuzaliwa, na wako waliokaa miaka mingi bila uraia wa nchi yoyote.

Maaskofu wa Ubelgiji waliomba msamaha kwa ajili ya sehemu ya Kanisa katika jambo hili mwaka 2017. Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba msamaha kwa jina la serikali katika Bunge tarehe 4 Aprili 2019. Na mnamo Desemba 2024 mahakama ya rufani ya Bruseli iliamua kwamba kuwachukua watoto watano, ambao sasa ni wanawake wazee na walilelewa katika misioni ya Katende huko Kasai, kulikuwa ni jinai dhidi ya utu, ikaiamuru serikali ya Ubelgiji iwalipe fidia. Basi kijana wetu wa Goma ameandika juu ya jambo ambalo Maaskofu na mahakama wamekwisha kulikiri. Anayeona aibu kulisoma na aone aibu, lakini asiseme halikuwako.

Twashukuru pia kwamba yule masera wa kadi hakufanywa shetani. Hajulikani jina, hasemi neno, yumo katika kadi kwa neno moja tu. Mwandishi angeweza kwa urahisi kumpa uso wa ukali na fimbo mkononi. Badala yake amemwacha kama kadi inavyomwacha: mtu aliyepanda ndege akiwa na mtoto mwenye miaka minne. Mkono ule uliomtoa mtoto kwa mama yake ndio pia uliokuwa mkono wa pekee wa kumshika safarini. Koko analiona hilo kabla ya Neema.

Tumesifu, sasa tukosoe.

Kosa la kwanza ni dogo kwa macho, lakini lina gharama. Mwandishi anasema kadi ilikuwa na stempu ya Kongo ya Kibelgiji, na muhuri wa posta uliofifia hata Neema akaweza kusoma herufi nne za mwisho tu: RIDA. Neema adhani ni jina la mtu. Baadaye padri anamwambia kwamba ni Astrida, mji uliopewa jina la Malkia Astrid, ambao baada ya uhuru uliitwa Butare na tangu mwaka 2006 waitwa Huye. Na Save iko karibu nao. Hapa kumbukumbu za mwandishi zimegongana. Kadi iliyotiwa posta Astrida mwaka 1960 haingebandikwa stempu ya Kongo. Tangu mwaka 1924 nchi ya Ruanda-Urundi ilikuwa na stempu zake. Kwanza zilikuwa stempu za Kongo zilizopigwa chapa ya Ruanda-Urundi juu yake, kisha zikatengenezwa zenye jina hilo tangu mwanzo. Mpaka mwaka 1962, Ruanda na Urundi zilipopata uhuru kila moja kwa jina lake, posta ya Astrida ilitumia stempu hizo.

Msomaji atasema: nani ajali stempu? Sisi twajali, kwa sababu ya hadithi yenyewe. Kama stempu ingekuwa ya Ruanda-Urundi, yenye picha ya mnyama kama zile zilizotolewa mwaka 1959, Neema angekuwa na neno mkononi tangu sokoni, tena neno lililoandikwa wazi, lisilohitaji kufasiriwa. Angejua kwamba kadi yenye picha ya ziwa Kivu haikutoka ziwani bali imerudi ziwani. Mtu mmoja aliinunua huku, akaenda nayo kusini, akaiandika kule, ikarudi Goma. Kadi ilifanya safari aliyoifanya mtoto, kisha ikafanya na ile ambayo mtoto hakuifanya, yaani ya kurudi. Mwandishi alikuwa na zawadi hii mbele yake, akaiacha kwa kutoangalia stempu. Twamshauri abadili neno moja hilo, nayo sura ya pili itasimama vizuri zaidi.

Wengine walituuliza kama yawezekana kadi ya mwaka 1960 ionekane sokoni Goma leo, baada ya moto wa Nyiragongo. Swali ni halali. Tarehe 17 Januari 2002 volkeno ilimwaga mto wa moto katikati ya mji mpaka ziwani, ukateketeza sehemu kubwa ya maduka na ofisi za zamani. Karatasi zilizokuwamo hazikuokoka. Lakini mwandishi amelijibu swali kwa mistari miwili. Muuzaji anamwambia Neema kwamba vitabu vyake alivinunua kwa mama mmoja aliyekimbilia Gisenyi siku ile na sanduku la marehemu mumewe kichwani, bila kujua kuna nini ndani yake. Waliokuwapo siku ile wanajua watu walivyokimbia na vitu vya ajabu: mlango, mashine ya kushonea, saa ya ukutani isiyotembea. Twaliamini sanduku lile.

Kosa la pili ni la lugha. Koko, katika maneno yake makuu, anasema Kiswahili cha Goma, “njo miye”, nacho kinatuingia moyoni kwa kuwa ni sauti ya mtu. Lakini katika kurasa nyingine anasema kama mtangazaji wa redio: “Kwa hakika mambo hayo yalinisikitisha sana.” Hakuna bibi wa Goma asemaye hivyo juu ya mdogo wake. Twadhani mwandishi aliogopa mwalimu. Asiogope. Kwa kuwa hadithi nzima ni juu ya kufasiri, msomaji anastahili kusikia tofauti baina ya Kiswahili cha shuleni ambacho Neema anakitumia kufasiri na Kiswahili cha nyumbani ambacho koko anakitumia kujibu. Neno dada lingeweza kufanya kazi zaidi hapa. Nyumbani koko angejiita yaya wa mtoto yule, maana huko yaya ni ndugu mkubwa. Dada ni neno la daftari la Neema. Koko kulichukua neno la Neema na kumrudishia ni jambo zuri, lakini tungependa tumsikie mara moja tu akisema “miye yaya yake”, ili tujue kwamba aliloambiwa halikuwa hata neno ambalo mdogo wake alikuwa akimwitia.

Kosa la tatu ndilo kubwa. Ni mwisho.

Katika kurasa tatu za mwisho Neema anaandika barua Ubelgiji. Baada ya siku nane anajibiwa. Mdogo wa koko yu hai, anakaa katika mji wa Gent, ameolewa, ana wajukuu, na bado anakumbuka wimbo wa Kiswahili. Katika ukurasa wa mwisho anashuka kutoka katika gari, anamkumbatia koko, na wote wanakwenda kanisani.

Tungefurahi kama ingekuwa hivyo. Wako waliopatana kweli baada ya miaka mingi, wala hatusemi ni jambo lisilowezekana. Lakini twamuuliza mwandishi: Neema aliandika barua kwa nani? Kwa jina gani? Kadi haina jina la mtoto, inasema “mdogo”. Koko anajua jina aliloitwa nyumbani, ambalo yaelekea halimo katika kitabu chochote. Jina la ubatizo laweza kuwa lilitolewa Save. Jina la ukoo laweza kuwa la baba, au la mama lililoandikwa kwa masikio ya Mflamandi, au jina lililotungwa tu. Kuna hati za nyumba, na kuna hati za serikali zilizokwenda Bruseli. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ubelgiji ilianza mwaka 2019 kazi maalumu ya kukusanya hati za watoto hao, baada ya Bunge kutoa azimio mwaka 2018. Watu wanaozifuata hukaa miaka. Mara nyingi wapatacho ni nambari na tarehe, na jina linalofanana na lile walitafutalo, nao wanabaki wanajiuliza kama ndiye. Kazi hii nayo ni ya kufasiri, tena ni ngumu kuliko ile ya kadi, kwa sababu hapa hata jina la mtu linahitaji kufasiriwa.

Hadithi iliyotufundisha kwa kurasa kumi na sita kwamba herufi nne zaweza kuficha mtu haiwezi kumtoa mtu huyo mafichoni kwa siku nane. Msomaji aliyeamini kosa la Neema hataamini bahati yake. Na kuna jambo jingine. Wako katika parokia zetu, pande zote mbili za mpaka, wazee wanaongoja habari ya ndugu aliyechukuliwa namna hii, nao hawakujibiwa kwa siku nane. Wakisoma ukurasa wa mwisho watadhani kwamba hawakutafuta vya kutosha.

Tungekuwa sisi, tungeukata mwisho huo na kuacha hadithi isimame pale mwandishi alipokuwa amefika tayari, katika ukurasa wa kumi na sita, bila kujua kwamba amefika. Neema ametoka kwa padri mara ya pili. Jioni, umeme umekatika, koko ameketi mlangoni. Neema anamsomea kadi upya, pole pole, na safari hii anasema masera. Koko anamwambia arudie. Anarudia. Halafu koko haulizi mtoto alikwenda wapi, wala nani alidanganya, wala kama yu hai hata leo. Anauliza kama ndani ya ndege kuna baridi, na kama yule masera alikuwa na nguo ya kumfunika.

Neema anaitazama kadi, anaigeuza upande wa picha, anaigeuza tena. Halimo. Sentensi nne tu.

Tumemrudishia mwandishi daftari lake, na kalamu nyekundu tumeitumia kidogo: katika stempu, katika maneno ya koko, na mstari mmoja mrefu katika kurasa tatu za mwisho. Ameandika kwamba ya stempu amekubali mara moja. Juu ya kurasa za mwisho ameomba muda, kwa sababu, asema, yeye mwenyewe alitaka sana yule mzee ashuke garini.